Mgomo wa wafanyakazi: kila upande na swali lake

Wafanyakazi wa uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, walipogoma tarehe 11 Septemba 2024, chama chao cha KAWU kilipinga mpango wa kuukodisha uwanja kwa kampuni ya Adani ya India, kikihofia ajira. Serikali ilishikilia kwamba uwanja hauuzwi, bali unahitaji kuboreshwa. Abiria walikwama na mizigo yao. Habari ya haki ilizihitaji sauti zote tatu.

Mabasi yakigoma Kitui au Makueni, kazi ni ile ile. Chama kiulizwe: je, kilitoa ilani ya siku 7 kwa maandishi, kama inavyotaka Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007? Mwajiri aulizwe: alijibu nini, na lini? Abiria wa steji ya Wote aulizwe: nauli ya kawaida ni ngapi, na leo ametozwa ngapi?

Kosa la kawaida ni kumfanya abiria fimbo ya kuwapigia wagomaji. Aliyekwama ameeleza hasara yake, hajasema nani mwenye makosa. Na mgomo ukiitwa haramu, mwandishi asome kwanza agizo lenyewe la mahakama.