Kipindupindu: Ukimlinganisha mgonjwa na jirani yake, chanzo kinaweza kupotea

Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikalipuka. Wengi walihamishiwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Baadaye mwaka huo kambi ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa tena.

Katika mlipuko kama huo swali ni moja: wameupatia wapi? Njia ya haraka ni kumchukua kila mgonjwa, kumtafutia mtu mzima wa afya anayefanana naye kwa umri, jinsia na eneo, kisha kuwauliza wote wawili walikunywa maji gani.

Tuchukue mfano wa kubuni wa jozi 100. Katika jozi 40 wote wawili walikunywa maji ya mto, na katika jozi 20 hakuna aliyeyanywa. Hizo 60 hazisemi lolote kuhusu mto, maana ndani ya jozi hakuna tofauti. Zinazobaki ni 40: katika 30 aliyekunywa ni mgonjwa peke yake, katika 10 ni mzima peke yake. Gawa 30 kwa 10, uwiano ni 3.

Ukivunja jozi na kuchanganya watu wote, wagonjwa 70 kati ya 100 walikunywa, wazima 50 kati ya 100. Uwiano unashuka hadi 2.3. Mto umepata nafuu ya bure, kwa sababu wazima wale walichaguliwa wafanane na wagonjwa.

Wapo wanaoipa kila jozi namba yake ndani ya regresheni ya lojistiki ya kawaida. Hapo kompyuta inakadiria vitu 100 visivyojulikana, kila kimoja kwa watu wawili tu, na jibu linavimba: 9 badala ya 3.

Regresheni ya lojistiki ya masharti inauliza hivi: tukijua mmoja wa hawa wawili aliugua, kuna uwezekano gani kuwa ni yule aliyekunywa? Hali ya pamoja ya jozi inajifuta yenyewe. Kwenye R ni mstari mmoja:

```
clogit(mgonjwa ~ mto + strata(jozi), data = d)
```

Sasa mtego. Tuseme mtafiti wa Kibondo, ili aokoe muda, anamchukua jirani wa mlango wa pili. Majirani huchota maji pamoja. Jozi zenye tofauti zinabaki 8, yaani 6 kwa 2. Uwiano bado ni 3, ila ukweli unaweza kuwa popote kati ya 0.6 na 15. Zile jozi 40 za mwanzo zilitoa 1.5 hadi 6. Huko ndiko kufananisha kupita kiasi. Na akiwafananisha kwa chanzo chenyewe cha maji, hapati jibu kabisa.

Dalili inaonekana mapema: hesabu jozi zenye tofauti baada ya mahojiano ya siku ya kwanza. Zikiwa chache mno, badili namna ya kuchagua wazima hapo hapo. Dodoso zikishajazwa, hakuna programu itakayozirudisha.