Gharama ya Kulea na Miaka Inayogongana

Anayekadiria gharama za kulea kwa kugawa matumizi ya nyumba kwa idadi ya watu hukosea mapema. Kodi haipandi kwa sababu tu mtoto wa pili amezaliwa. Maziwa, sare na nauli ndivyo vinavyoongezeka, na nyongeza hiyo ndiyo ya kuhesabiwa. Lakini hata jumla yake haitoshi kupangia uzazi, kwa kuwa familia hulipa mwezi kwa mwezi.

Tuchukue kaya ya kukadiria mjini Morogoro, kwa bei za leo. Mtoto aongeze shilingi 70,000 kwa mwezi hadi atimize miaka 6, kisha 90,000 hadi atimize 13. Ada za sekondari za umma zilifutwa kuanzia 2016, ila mahitaji ya bweni, nauli na vifaa vimebaki kwa mzazi: tuweke 200,000 hadi atimize 19, na 300,000 kwa miaka mitatu ya chuo. Jumla ni milioni 37.8, na theluthi mbili zake zinaangukia miaka tisa ya mwisho.

Sasa wazazi hawa wanaweza kutenga 400,000 kwa mwezi kwa ajili ya watoto wawili. Wakipishana miaka miwili, wa kwanza akiwa chuoni pengo linafikia milioni 4.8, kwa sababu mwaka mmoja wote wawili wako chuo. Akiba inayowezekana tangu wa kwanza aingie sekondari ni milioni 2.64 tu, kwani mdogo wake anamfuata upesi. Wakipishana miaka mitatu, pengo linashuka hadi milioni 3.6, na akiba ya kipindi hicho inapanda hadi milioni 3.96. Idadi ya watoto ni ileile na jumla ni ileile, ila deni limetoweka. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri kusubiri walau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya mimba nyingine, ushauri unaokaribiana na miaka hiyo mitatu.

Kuna gharama isiyoandikwa popote, nayo hunisikitisha zaidi. Mwajiriwa ana siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo kisheria. Mwenye genge hana. Akipata faida ya 8,000 kwa siku na kulifunga miezi mitatu, siku 26 kila mwezi, anapoteza 624,000, na mara nyingi mtaji huliwa pamoja nazo. Kila uzazi uhesabiwe na pigo hili, na akiba yake ianze kabla ya mimba.

Kuachanisha watoto kuna mpaka wake. Kwa mke wa miaka 38, kusubiri kunaweza kumkosesha mtoto kabisa. Hapo kinachorekebishwa ni upande wa matumizi: sekondari ya kutwa badala ya bweni, au akiba inayoanza mtoto wa kwanza akiwa bado shule ya msingi.