Kutovumilia laktosi na mzio wa maziwa

Kutovumilia laktosi ni hali ya utumbo kushindwa kusaga sukari ya maziwa, ilhali mzio wa maziwa ni kinga ya mwili kuzishambulia protini zake. Sukari isiyosagwa hufika utumbo mpana, ambako bakteria huichachusha na kutoa gesi. Tumbo hujaa, huunguruma, pengine mtu huharisha. Hali hiyo husumbua lakini haiui, na hutegemea kiasi: wengi humudu glasi moja, hasa pamoja na chakula.

Mzio hauna simile hiyo. Kijiko kimoja chaweza kuleta vipele vya kuwasha, midomo kuvimba, kutapika au kifua kubana, mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa mbili. Huwapata zaidi watoto wachanga. Maziwa yaliyoondolewa laktosi hayamfai mwenye mzio, kwa kuwa protini zimo vilevile. Ya mbuzi nayo ni hatari, kwani protini zake zinafanana mno na za ng'ombe.

Kipimo cha pumzi huchunguza laktosi tu, hakigundui mzio. Mtu hufunga usiku kucha, hupuliza mara ya kwanza, hunywa gramu 25 za laktosi, kisha hupuliza kila baada ya nusu saa kwa saa tatu. Hidrojeni ikipanda kwa sehemu 20 kwa milioni au zaidi kupita kipimo cha mwanzo, laktosi haikufyonzwa vizuri.

Tuseme mtu mzima ameanza na 4, akawa na 6 baada ya saa moja, 23 baada ya saa moja na nusu, na 45 baada ya saa mbili, tumbo likimkata. Ongezeko ni 41, tena limekuja kwa kuchelewa, laktosi ilipofika utumbo mpana. Majibu haya yanaaminika kwa sababu dalili zimeambatana nayo. Namba ikipanda bila dalili yoyote, huyo hafyonzi laktosi vizuri lakini anaivumilia, na hakuna sababu ya kumnyima maziwa. Ikipanda mapema mno, huenda bakteria wamezidi katika utumbo mwembamba. Isipopanda kabisa, ulizia antibiotiki za wiki nne zilizopita, na pima methani pia, kwani utumbo wa baadhi ya watu hutoa hidrojeni kidogo mno.

Kosa linaloumiza zaidi ni kuacha maziwa bila kuziba pengo la kalsiamu. Mtu mzima huhitaji takriban miligramu 1,000 kwa siku, na glasi ya mililita 250 hutoa karibu 300. Asiyevumilia laktosi ajaribu mtindi, ambao bakteria wake husaidia kuisaga. Mwenye mzio ategemee dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, na sukuma wiki. Mchicha una kalsiamu nyingi, lakini oksalati yake huizuia isifyonzwe. Mtoto mchanga mwenye mzio asiyenyonya huhitaji maziwa maalumu aliyoandikiwa na daktari.