Wachimbaji Wasio na Sururu

Kiriaini ni mji wa Murang'a ulio njiani kwenda Othaya na Nyeri, katika vilima vya majani chai ambako mito huteremka kwa kasi kutoka safu za Aberdare. Katika kaunti hiyo hiyo, mwaka 2022, kampuni iitwayo Gridless ilipatana na HydroBox, wenye kituo kidogo cha umeme wa maji, ili kompyuta zake zitumie umeme uliobaki baada ya wanakijiji kutumia wao. Kompyuta hizo huitwa wachimbaji, jina ambalo kwa maoni yangu limewapotosha wengi, kwani kazi yake ni kubahatisha tu.

Bitikoini, fedha iliyoanzishwa tarehe 3 Januari 2009 na mtu aliyejiita Satoshi Nakamoto, haina benki wala karani. Malipo yote huandikwa katika daftari moja lenye nakala nyingi duniani, na kila ukurasa hubeba alama ya ukurasa uliotangulia. Alama hiyo ni nambari ndefu inayokokotolewa kutokana na maandishi yenyewe. Ukibadili herufi moja, alama yote hugeuka. Kanuni yataka alama ianze na sifuri kadhaa. Hakuna ujuzi wa kuipata: mchimbaji hutia nambari yoyote katika ukurasa, hukokotoa, na akikosa hujaribu nyingine. Hapo mwanzo zilitakiwa sifuri 8, yaani majaribio kama bilioni 4.3 kwa wastani, na kila sifuri iliyozidi huzidisha kazi mara 16. Anayepata hulipwa bitikoini mpya, na wengine huhakiki jibu lake mara moja.

Sasa mfikirie mwizi atakaye kufuta malipo aliyokwisha kutoa. Itambidi abahatishe upya ukurasa huo na zote zilizoufuata, huku wachimbaji wengine wakizidi kuandika mbele yake. Asipokuwa na zaidi ya nusu ya nguvu zote, hana tumaini la kuwafikia.

Wengi hudhani umeme huishia katika kuandika malipo. Sivyo. Kila baada ya kurasa 2,016, mtandao hupima mwendo wake. Kurasa zikitoka upesi kuliko moja kwa dakika 10, fumbo hufanywa gumu zaidi. Basi mashine zikiongezeka, kurasa haziongezeki, ila gharama. Mwaka 2021 China ilipowafukuza wachimbaji wake, kurasa zilichelewa, na tarehe 3 Julai ugumu ukashushwa kwa asilimia 28 hivi. Malipo yakaendelea kuandikwa kama zamani, kwa umeme mchache zaidi. Lakini mwizi naye angalihitaji mashine chache zaidi.

Tuzo ikiwa kubwa, wachimbaji huongezeka mpaka bili ya umeme ikaribie kuimeza. Ndiyo maana huutafuta umeme usio na mnunuzi, kama ule wa Murang'a usiku wa manane, mto ukienda na kijiji kimelala. Jioni watu wanapowasha taa, mashine huzimwa.