Karadha ya wakala wa bima
Wakala wa bima anayelipwa kwa kamisheni pekee huweza kupewa karadha kila mwezi, ambayo kampuni huikata baadaye kutoka kwa kamisheni zake. Huo si mshahara, ingawa wengi huudhania hivyo.

Tuseme karadha ni Sh20,000. Januari kamisheni yake ikiwa Sh8,000, anabaki na deni la Sh12,000. Februari ikiwa Sh15,000, deni linafika Sh17,000. Machi akipata Sh50,000, kampuni inakata karadha ya mwezi huo pamoja na deni lote, naye anaongezewa Sh13,000 tu.

Utata huzuka anapoacha kazi kabla ya kulimaliza deni. Hapo huamua kifungu kimoja cha mkataba: ama linafutwa, ama linamfuata hadi nyumbani.