Swali la Wazi katika Karata za Taroti

Swali la wazi, katika istilahi ya wasomaji wa karata za taroti, ni swali lisilojibika kwa ndiyo wala kwa la, ambalo muulizaji hulitamka au huliandika kabla karata hazijachanganywa, ili picha zitakazofunuliwa zipate jambo mahsusi la kusemea. Taroti ilizuka Italia ya kaskazini katika karne ya 15, nayo wakati huo ilikuwa mchezo tu. Desturi ya kuitumia kwa kutazamia ilienea kutoka Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18. Karata zake ni 78, nazo ni 22 kubwa na 56 ndogo, na hizi ndogo zimegawika katika vikombe, panga, fimbo na sarafu. Katika toleo mashuhuri lililotoka London mwaka 1909, ambalo picha zake zilichorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya A. E. Waite, hata karata ndogo zilizo nyingi zina watu na vitendo vyao. Na hapo ndipo penye asili ya kanuni nzima, maadamu picha ya mtu aliye kazini hueleza hali, wala haina ndiyo au la ndani yake.

Tuchukue mfano wa mwanamke aliyeitwa kwenye kazi mpya katika mji mwingine, naye anatakiwa atoe jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Aghalabu atauliza, "Je, niikubali kazi hii?" Ikifunuliwa Nane ya Sarafu, yenye fundi aliyeinamia benchi lake akichonga sarafu moja baada ya nyingine, msomaji atakuwa hana la kusema ila kukisia, na mara nyingi atakisia lile ambalo uso wa muulizaji umekwisha kumwonyesha kwamba linatamaniwa. Akitoroka upande wa pili na kuuliza, "Maisha yangu yatakuwaje?", hali haitengenei, kwa sababu fundi yule aweza kuwa ajira, masomo, ndoa yenye kuhitaji subira, au jambo lolote jingine, na taawili inayofaa kila mahali haimwongozi mtu popote.

Swali lenye manufaa hukaa baina ya hayo mawili: humtaja muulizaji mwenyewe, hutaja jambo moja, huweka mpaka wa muda, kisha huomba maelezo. Mwanamke wetu angesema, "Nizingatie nini juu ya kazi hii kabla sijatoa jibu langu mwisho wa mwezi?" Nalo laweza kugawanywa kwa karata tatu: kinachonivuta huko, nitakachokiacha hapa, na nisichotaka kukitazama. Fundi wa Nane ya Sarafu akiangukia nafasi ya kwanza, sasa ana neno la kusema, kwamba huenda kinachomvuta ni ustadi wa kazi yenyewe kuliko mshahara. Sita ya Vikombe, yenye mtoto anayempa mwenzake kikombe cha maua uani, ikiangukia ya pili, humkumbusha watu aliokua nao. Mbili ya Panga, yenye mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni na kupishanisha panga mbili kifuani, ikija ya tatu, humuuliza ni habari gani anaikwepa; na pengine atakiri kwamba hajaulizia kodi ya nyumba katika mji ule, wala hajazungumza na mama yake. Hapo ana mambo mawili ya kufanya wiki hiyo hiyo, awe anaamini kwamba karata zina siri au anaziona kuwa kioo cha mawazo yake tu.

Zipo ibara zinazoonekana wazi ilhali zimefungwa. "Kwa nini mume wangu hanipendi tena?" imekwisha kutoa hukumu kabla ya karata ya kwanza, na kila picha itasomwa kuwa ushahidi wake; ni bora kuuliza, "Mimi nachangia nini katika ukimya uliopo baina yetu?" Maswali ya "lini" nayo hayafai, kwa kuwa wasomaji hawana kalenda moja waliyoafikiana. Wala moyo wa mtu asiyekuwapo haufai kuulizwa, kwa sababu jibu lake haliwezi kuhakikishwa kwa kitendo chochote cha muulizaji.

Jaribio lililo bora ni kuziwazia, kabla ya kuchanganya, karata mbili zilizo mbali mbali, kama Jua na Mnara: ikiwa huwezi kueleza majibu yake yangetofautianaje kwa swali lako, swali bado ni pana mno, na ikiwa moja ingekuwa habari njema na nyingine mbaya tu basi, bado ni la ndiyo na la. Swali likishapita jaribio hilo, liandikwe karatasini na lisibadilishwe tena, kwani mwenye kuligeuza baada ya kuiona karata anajijibu mwenyewe. Ama maradhi na kesi, hayo apelekewe tabibu na wakili. Hakuna namna ya kuuliza itakayozipa karata elimu yao.