Laptopu yenye neno la siri la kuwasha: mwizi anaweza kusoma nini?

Mama mmoja, katibu wa chama cha wanawake hapa Bukavu, alinyang'anywa laptopu yake saa za jioni akiwa kwenye taksi-moto. Ndani mulikuwa majina ya wanawake waliotoa ushuhuda, sauti zao, na avenyu kila mumoja anakokaa. Alipofika redioni kuuliza kama tunaweza kupitisha tangazo, alikuwa bado na utulivu. « Hawataifungua, » alituambia. « Niliweka neno la siri lile linaloulizwa mbele ya Windows, pale mashini inapoanza kuwaka. »

Neno la siri alikuwa ameliweka kweli. Lakini linafunga nini? Tulipeleka swali hilo kwa fundi mumoja wa mashini, na jibu lake halikuwa la kumufurahisha mama.

Fundi alichukua laptopu yake mwenyewe, Lenovo ThinkPad T430. Ni mashini ya mwaka 2012, na iko nyingi sana katika zile za okazioni zinazoingia kwetu kupitia Dubai, Kampala ao Kigali. Aliiwasha. Ekrani ikabaki nyeusi na alama ndogo ya kufuli, ikingoja neno la siri. Akaandika uongo mara tatu, mashini ikakataa. « Sasa hesabu dakika, kaka, » akaniambia. Akaizima, akatoa batri, akafungua visi moja pembeni, akavuta diski kama mutu anayevuta mutoto wa meza. Akaitia ndani ya kasha ndogo ya USB, akaichomeka kwenye laptopu ya pili. Mafishie yote yakaonekana: picha, barua, sauti. Hakuna kilichouliza neno la siri. Haikufika dakika tano.

Sababu yake ni hii. Kila laptopu iko na programu ndogo inayoishi kwenye chipi ya ile kadi kubwa ya ndani, mafundi wanaiita kartimere. Programu hiyo ndiyo inaamka ya kwanza unapobonyeza kitufe cha kuwasha, inaangalia kama klavie na diski viko sawa, kisha inaita Windows. Wengi tunaiita BIOS. Kwenye mashini za sasa jina lake ni UEFI. Neno la siri unaloliweka humo linakaa kwenye kartimere. Linaambia kartimere isiendelee. Diski yenyewe haijui kitu, na yaliyoandikwa juu yake hayakubadilika hata herufi moja. Mutu akiipeleka diski kwenye kartimere ingine, kule hakuna anayemuuliza.

Basi neno hilo halina maana? Hapana, liko na kazi yake, ila ni kazi ndogo kuliko tunavyofikiri. Linazuia mutu asiye na turnevisi: mwenzako wa bilo, mugeni aliyeachwa peke yake na mashini, mutoto wa nyumba. Linazuia pia mbinu moja inayotumika sana. Mutu anatia kle ya USB yenye Linux, anawasha laptopu kupitia kle hiyo, na anasoma diski yako bila hata kugusa neno la siri la Windows. Dhidi ya hiyo, BIOS iliyofungwa vizuri inasaidia kweli.

Namna ya kuiweka kwenye T430, na ThinkPad nyingi zinafanana: zima mashini kabisa, chomeka sharja, washa na bonyeza F1 mara nyingi mbele Windows haijaanza. Ingia kwenye Security, kisha Password. Pale utaona maneno matatu ambayo watu wanayachanganya. Power-On Password ni lile linaloulizwa kila mara mashini inapowaka. Supervisor Password linafunga mipango ya BIOS yenyewe, ili mutu asiingie kuibadilisha. Hard Disk Password ni habari ingine, nitairudilia. Weka Supervisor, weka na Power-On, andika kila moja mara mbili inavyoomba. Kisha nenda kwenye Startup, weka Boot Order Lock kwenye Enabled na Boot Device List F12 Option kwenye Disabled, ili kle ya USB isipite. Maliza na F10. Kwa mashini zingine kitufe cha kuingia ni F2, F10, Esc ao Delete, na maneno yanabadilika kidogo: mahali pa Supervisor utakuta Administrator ao Setup, mahali pa Power-On utakuta User.

Kuna mutego mumoja wa klavie unaotugusa sisi hasa. Hapa kwetu tunatumia AZERTY za Kifaransa na QWERTY za Dubai, wakati mwingine ndani ya bilo moja. Windows inajua klavie yako ni ya aina gani; BIOS mara nyingi haijui, inahesabu kila kitufe kana kwamba klavie ni QWERTY. Siku unachomeka klavie ya inje ya aina ingine, ao unabadilishiwa klavie iliyokufa, vidole vyako vinaandika neno lile lile na mashini inakataa. Dawa yake ni rahisi: chagua neno refu la herufi ndogo ambalo halina a, q, z, w wala m, na usitie namba za mustari wa juu. Herufi zingine zote ziko mahali pamoja kwenye klavie zote mbili.

Na usilisahau. Ukisahau Power-On peke yake, na Supervisor haikuwekwa, kwenye ThinkPad fundi anaondoa batri kubwa na ile batri ndogo ya duara iliyo ndani, anangoja kidogo, na neno linapotea. Unaona vile: kama yeye anaweza kwa ajili yako, anaweza pia kwa ajili ya mwizi. Kuna mashini za aina zingine ambazo ukikosea mara tatu zinaonyesha namba, na kwa namba hiyo mutu anatafuta jibu kwa programu za bure. Lakini Supervisor ya ThinkPad inaandikwa kwenye chipi ya pembeni, kuondoa batri hakuigusi. Kampuni ya Lenovo yenyewe inasema haina njia ya kuifuta: ni kubadilisha kartimere.

Hapo ndipo wanunuzi wa okazioni wanaumia. Laptopu yenye Supervisor bila Power-On inawaka vizuri, inaingia Windows, inacheza muziki, na muuzaji anakuonyesha yote hayo. Miezi miwili nyuma unataka kuweka Windows mupya kwa kle, mashini inakuomba neno la siri la kampuni ya Ulaya iliyoitumia zamani. Kabla ya kutoa dola zako, omba muuzaji aizime, iwashe wewe mwenyewe na uingie BIOS kwa F1. Ikiuliza neno la siri na yeye halijui, rudisha pesa mufukoni. Na ukiona kosa namba 0199 kwenye ThinkPad, maana yake mutu amejaribu kubahatisha neno hilo zaidi ya mara tatu.

Turudi kwa diski, sababu ndiyo iliyobeba majina. Hard Disk Password linaandikwa ndani ya diski yenyewe, kwa hiyo linaifuata hata kwenye mashini ingine, na kasha ya USB ya fundi haitoi kitu. Ukilisahau, mafishie yamekwenda. Lenovo haiwezi kuyarudisha. Kwa maoni yangu linafaa kwa mwizi wa njiani, lakini kwenye diski nyingi za zamani linafunga tu mulango wa diski, maandishi ya ndani yanabaki wazi, na watu wenye vyombo wanaweza kuyafikia. Kinachogeuza maandishi yenyewe yasisomeke ni usimbaji, na kwenye Windows za Pro kiko tayari, kinaitwa BitLocker. Windows za Home hazina BitLocker kamili. Kule mutu anaweza kutumia VeraCrypt, ambayo ni ya bure.

Fuata mupango huu: maliza kwanza mambo ya BIOS, kisha washa BitLocker. Ukigeuza, BitLocker ikiona BIOS imebadilika inaweza kufikiri ni mwizi na kukuomba namba ya kuokoa, tarakimu 48. Namba hiyo inatolewa siku ya kwanza. Iandike kwenye karatasi na uiweke mbali na mashini. Kwenye diski ya zamani kazi inaweza kuchukua saa nyingi. Umeme ukikatika na batri ikaisha, usiogope, itaendelea pale ilipofikia. Kuhakikisha kama imeisha, fungua Command Prompt kama administrator na uandike:

```
manage-bde -status C:
```

Tafuta mustari wa Percentage Encrypted, unapaswa kuonyesha 100, na Protection Status iseme Protection On. Windows ya Kifaransa itakuandikia hayo kwa Kifaransa. Fundi alirudilia mchezo wake wa kasha kwenye diski iliyofanyiwa hivyo: laptopu ya pili iliona kuna diski, ikaomba namba ya kuokoa, basi.

Bado kuna kosa moja ambalo nilikuwa nalifanya mimi mwenyewe kila siku. Ukifunga tu kifuniko, laptopu inalala, haizimi. Ikiamka haipiti tena kwenye BIOS, Power-On haiulizwi, na ufunguo wa BitLocker unabaki wazi ndani ya memwari. Kinachobaki ni neno la siri la Windows peke yake. Kabla ya kupanda moto ao kupita barieri, izime kabisa. Na kama mutu mwenye silaha anasimama mbele yako na kukuomba neno la siri, hakuna kati ya haya yote linalokusaidia. Majina yasiyokuwa kwenye mashini siku hiyo ndiyo hayatasomwa.

Mama katibu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza mara mbili juu ya ile visi moja. Laptopu yake ilikuwa ya aina ile ile, bila BitLocker. Hakutaka tena tangazo. Aliomba simu ya redio, akaketi, na akaanza kuwapigia wanawake wa kwenye orodha, mumoja mumoja, kuwaambia kwamba mafishie yao yako mikononi mwa watu asiowajua.